Mawenzi Kushoto

Ndugu zangu, habari za jioni. Walionialika waliniomba hadithi fupi, isizidi nusu saa, kwa sababu chai iko tayari. Naona wengi mmekuja na mabahasha, mabati ya biskuti, na mama pale nyuma kaja na albamu nzima ndani ya mfuko wa sukari. Picha zenu tutazitazama baadaye. Kwanza nisimulie za kwetu.

Mnaonifahamu mnajua mimi ni mtoto wa studio. Baba alikuwa na studio ndogo ya picha hapa Moshi, na mimi nilikulia kwenye chumba cha giza, nikinusa dawa kabla sijajua kusoma. Dada yake Baba, Shangazi yangu, alikuwa mshonaji. Hakuolewa. Ndivyo tulivyoambiwa, na ndivyo tulivyowaambia watoto wetu. Aliishi na cherehani yake, akazeeka nayo, akafariki mwaka jana akiwa na miaka themanini na minne. Tukamzika kwenye kihamba chetu Uru, chini ya migomba, karibu na kaka yake.

Baada ya siku nne za msiba wanawake waliingia chumbani kwake kupanga vitu. Chini ya kitanda, nyuma ya ndoo ya mabaki ya vitambaa, wakakuta boksi la viatu limefungwa kwa ukanda uliochanwa kwenye khanga. Juu halikuandikwa chochote. Ndani zilijaa picha, na ukigeuza mgongo wa picha, hapakuwa na neno. Si jina, si mwaka, si hata muhuri wa studio. Hilo lilinishtua, maana Baba alipiga muhuri hata kwenye picha za paspoti.

Mimi nilikuwa nje na wazee, nikasikia kicheko. Nilipoingia, binamu zangu walikuwa wamemwaga nusu ya picha kwenye mkeka, kila mtu anachagua za kwake. "Hii ni harusi yangu!" "Huyu ni mimi na uji mdomoni!" Msiba ukishachoka, watu hutafuta pa kuchekea, siwalaumu. Lakini niliomba waache.

Niliomba kwa sababu boksi kama hilo lina maandishi yake. Mpangilio ndio maandishi. Mtu asiyeandika nyuma ya picha bado ameiweka juu ya hii na chini ya ile, na kuna siku aliyofanya hivyo. Ukizimwaga, umefuta. Ulitakiwa upige picha boksi kwa simu kabla hujagusa kitu, kisha utoe tabaka moja, uliweke pembeni kwa mfuatano wake, upige tena, mpaka chini. Tabaka la juu lilikuwa limeshapotea: harusi, ubarikio, kipaimara, vitu vya ukoo. Chini yake kulikuwa na kipande cha kadibodi kilichokatwa kwa mkasi wa mshonaji, kimekaa sawasawa kama sakafu. Kila mtu alidhani ndio mwisho wa boksi. Nikakiinua kwa kisu cha mezani.

Chini ya kadibodi kulikuwa na picha kumi na moja na bahasha ya karatasi ya mafuta.

Hapo ndipo tulipofanya kosa moja. Picha mbili zilikuwa zimegandana. Uru kuna unyevu, mnajua mvua zetu, na uso wa picha ya zamani ni jelatini, ile ile inayogandisha peremende. Ikipata unyevu hulainika, ikikauka hushika chochote kilicho juu yake. Kabla sijasema neno, binamu yangu mmoja alizivuta. Zikaachana kwa sauti ya plasta inayobanduliwa. Kwenye picha ya chini alisimama mwanamume aliyembeba mtoto begani, mlima nyuma yake, na mahali pa uso wa mwanamume pakawa peupe. Uso ulibaki umeng'ang'ania mgongo wa picha nyingine.

Naomba nisimame hapa kidogo, maana najua kuna mtu ana picha zilizogandana kwenye bahasha. Usivute. Picha nyeusi na nyeupe ya zamani ilisafishwa majini, na inaweza kurudi majini. Ipige kwanza kwa simu mbele na nyuma. Angalia kama kuna wino, kwa sababu wino utaondoka. Angalia kama kuna ukungu wa kijivu wenye manyoya, kwa sababu ukungu ukishakula jelatini, maji yataondoa na sura yenyewe, na hapo ni bora uiache ilivyo. Kama ni safi, chemsha maji, yaache yapoe kabisa, uzilaze ndani ya sinia. Maji ya moto ni marufuku, yanayeyusha. Kisha subiri, nusu saa, saa mbili, mpaka zenyewe zianze kuachana. Ukihisi zinakataa, zirudishe. Zikitoka, zilaze uso juu kwenye kitambaa safi, mbali na jua. Nilifanya hivyo kwa nyingine mbili zilizogandana, na zikatoka nzima. Ile ya mlima ilikuwa imeshaharibika.

Lakini ile bahasha ya karatasi ya mafuta ilikuwa na negativu: vipande vinne vya filamu pana, kila kimoja na picha tatu za mraba, sentimita sita kwa sita. Kumi na mbili, yaani filamu nzima. Hiyo ni filamu ya zile kamera za lenzi mbili, unayoishika tumboni na kutazama kwa juu kama mtu anayechungulia kisima. Baba alikuwa nayo.

Usiku ule sikulala. Niliwasha simu ya mwanangu, nikaweka ukurasa mweupe kwenye skrini, nikainua kipande cha kioo juu yake kwa kibiriti kila upande ili vidoadoa vya skrini visionekane, nikalaza negativu juu ya kioo, nikapiga kwa simu nyingine. Kisha mwanangu akageuza nyeusi kuwa nyeupe. Uso wa yule mwanamume ukarudi. Kijana, mashavu membamba, anacheka na mtu aliyeshika kamera. Hakuna hata mmoja wetu aliyemtambua.

Kesho yake asubuhi Baba Mdogo aliitazama ile picha, akaisogeza mbali na macho, akasema, "Imekosewa kusafishwa. Mlima wetu hauko hivi."

Ndugu zangu, tokeni nje hapo mlangoni mawingu yakiwa yamefunguka. Kibo ni ya kushoto, lile kuba lenye theluji. Mawenzi yenye meno ni ya kulia. Mtoto wa Moshi hahitaji kufundishwa hilo. Kwenye picha ile Mawenzi ilikuwa kushoto.

Baba Mdogo alikuwa na sababu nzuri ya kusema vile. Negativu ukiiweka kinyume kwenye mashine, picha inatoka imegeuzwa kama kwenye kioo, na nimewahi kufanya hivyo mwenyewe nikachapwa. Namna ya kujua ni rahisi. Mfuko wa shati la kiume hushonwa kifua cha kushoto cha mvaaji, kwa hiyo anayekutazama kwenye picha, mfuko wake unakuwa upande wako wa kulia. Mwanamume yule mfuko wake ulikuwa kulia kwangu. Picha haikugeuzwa. Ila fundi anaweza kushona mfuko anakotaka, na katika ukoo wetu fundi alikuwepo, kwa hiyo nikarudi kwenye negativu. Filamu ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Ukiishika upande unaong'aa ukikutazama, maandishi ya pembeni yanasomeka sawa na picha iko jinsi jicho lilivyoona. Nikashika hivyo. Maandishi yakasomeka ILFORD HP4. Mawenzi ikabaki kushoto.

Maandishi yale yalinipa zawadi ya pili. Filamu ya HP4 ilianza kutengenezwa mwaka 1965, na mwaka 1976 ikaja HP5 kuchukua nafasi yake. Picha ya mlima haikupigwa kabla ya 1965. Na mlima ukiuona Mawenzi kushoto, wewe hauko Moshi. Umeuzunguka, uko nyuma yake, upande wa kaskazini. Uko Loitokitok, Kenya, au kwenye tambarare za Amboseli.

Niliwaambia hivyo wazee, na shemeji yetu mmoja wa Rombo akanikatiza. "Hata Tarakea utaiona hivyo," akasema. Na kweli. Ukipita Mkuu ukaendelea kupanda kuelekea Tarakea, vilele vinapishana, Mawenzi inahamia kushoto ungali ndani ya Tanzania. Mlima uliniambia upande. Haukuniambia nchi.

Sasa zile picha nyingine kumi. Tisa zilikuwa nyeusi na nyeupe, za mraba, na zote zilikuwa za mtoto mmoja wa kiume amesimama kando ya kigoda kile kile cha miguu mitatu. Kwenye ya chini kabisa ameshika kigoda asianguke. Kwenye inayofuata kigoda kinamfika kiunoni. Ukizipanda moja moja, kigoda kinashuka: kiunoni, pajani, gotini. Mtu alimpiga mtoto huyu kila baada ya muda unaofanana, na alileta kigoda kila mara ili aone amekua kiasi gani. Au kigoda kilikuwa cha nyumba ile. Ya kumi, ya juu kabisa, ilikuwa ya rangi, kwenye ile karatasi yenye plastiki, na ilikuwa imekuwa nyekundu yote, mtoto, nyasi na anga. Karatasi za rangi za miaka hiyo ya sabini, rangi yao ya samawati hufifia gizani kabla ya nyingine, hata ukizifungia vizuri namna gani. Mtoto pale ana kama miaka kumi. Baada ya hapo, hakuna.

Wifi yangu ndiye aliyeona kitambaa. Mimi nilikuwa natazama karatasi, yeye anatazama shati. Kwenye picha ya nne mtoto amevaa shati la maua makubwa yenye petali tano na doa katikati. Wifi akaenda kwenye mkeka, kwenye zile picha zilizomwagwa, akarudi na moja ya ubarikio ambapo Shangazi amesimama mwisho wa mstari. Gauni lake ni maua yale yale. Kisha akaingia chumbani akatoka na foronya. Zile foronya za viraka alizokuwa akishona Shangazi, kila mmoja wetu analo moja. Kiraka cha katikati: petali tano, doa katikati. Ya manjano kwenye kijani. Nusu karne nzima tulilalia ushahidi.

Fundi hukata gauni lake, na masalia anamshonea mtoto. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Baba Mdogo akatoka nje, akasimama karibu na masale ya kaburini, mgongo kwetu.

Nilizipitia tena zile picha tisa kwa kioo cha kukuzia, nikimtafuta Shangazi. Hayumo hata katika moja. Ila kwenye ile ya pili, jua lilikuwa nyuma ya mpiga picha, na kivuli chake kimelala kwenye nyasi mpaka miguuni kwa mtoto. Kivuli kina kilemba. Viwiko vimetoka pembeni, kichwa kimeinama. Hivyo ndivyo mtu anavyosimama na kamera ya tumboni. Kamera ya aina ile Shangazi hakuwa na uwezo wa kuinunua, na mjini hapa aliyeweza kumwazima, na kumsafishia filamu usiku studio ikishafungwa, na kuacha kwa makusudi kupiga muhuri nyuma, namjua. Tulimzika mwaka 1998. Kaka alijua yote na alikufa nayo.

Palikuwa na mtu mmoja hai wa kuulizwa, mama aliyeshona na Shangazi barazani miaka ya sitini. Yuko Majengo, macho hafifu, akili kali. Nilipokwenda nilibeba nakala kubwa tatu, na niliapa sitamlisha jibu. Ukimwuliza mzee "Huyu si fulani?" atakubali kwa adabu, nawe utaondoka na jibu lako mwenyewe. Nilimpa picha nikakaa kimya.

Baada ya shikamoo na habari za msiba, aliishika ile ya mtoto karibu kabisa na pua. "Alikuwa anamwita Mlima," akasema. "Kwa mchezo tu. Si jina lake."

Nikasubiri.

"Baba yake alikuwa mtu wa ng'ambo, Loitokitok. Baba yenu mkubwa hakutaka kusikia. Basi mtoto akalelewa kule kwa bibi yake, na shangazi yako akawa anakwenda kila Desemba. Kupeleka nguo."

"Mpaka lini, Mama?"

"Si mpaka ulifungwa?"

Wengi humu mlikuwepo. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika, makao yake hapo Arusha, na mpaka wa Kenya ukafungwa. Ulifunguliwa Novemba 1983, na waliokubaliana walikutana Arusha hiyo hiyo. Tunayasimulia mambo hayo kwa ndege na mabehewa, nani alichukua nini. Mimi nilihesabu upya: mtoto wa miaka kumi mwishoni mwa 1976. Mwaka 1983 ana kumi na saba.

"Hakwenda tena ulipofunguliwa?"

Mama yule alinirudishia picha, uso chini. "Mwanangu, shangazi yako alijua kuandika. Angetaka mjue, angeandika."

Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo, na bado iko kifuani. Migongo ile mitupu haikuwa uzembe. Nilifikiri kurudisha kadibodi mahali pake, nifunge ukanda wa khanga, yaishe.

Wiki hiyo hiyo mhazini wa msiba alileta daftari la rambirambi tufunge hesabu. Mnajua lilivyo: jina, mahali, kiasi. Alikuwa na tatizo la mstari mmoja. Kuna mtu alitoa pesa zisizo zetu, ikabidi azibadilishe mjini. Ameandika kwa wino wa bluu: "Mgeni. Ksh 5,000." Mahali, pamebaki wazi. Alipomwuliza jina, yule bwana alisema, "Andika mgeni tu."

Mimi ndiye niliyepiga picha za mazishi. Mia mbili na kitu, zote kwenye simu, sijaandika jina hata moja, mimi ninayewafundisha wenzangu. Nikaanza kuzipitia. Kwenye zile za kutupa udongo, nyuma kabisa, kwenye migomba, amesimama mwanamume wa makamo ameshika kofia mkononi. Nimemkuza mpaka alipoanza kupasuka vidoa. Sisi wa studio tukitaka kulinganisha mtu na utoto wake hatuangalii macho wala mashavu, tunaangalia sikio, mikunjo ya ndani na jinsi ndewe ilivyoungana na shavu, kwa sababu hayo hayabadiliki sana. Mtoto wa kigoda ndewe zake zimeshikana na shavu, na za bwana huyu hivyo hivyo. Lakini zangu mimi pia ziko hivyo, na za Baba Mdogo, na kwa umbali ule siwezi kuapa mahakamani.

Wazee walikaa. Ilichukua vikao viwili, na cha kwanza kilivunjika kwa makelele. Aliyekifunga cha pili ni Baba Mdogo, kwa sentensi moja: "Alikuja kumzika mama yake, tukamkalisha nyuma."

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nyuma ya kila picha nimeandika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza, maana kalamu ya wino huchimba mpaka uso wa mbele. Ile ya rangi haishiki penseli, nimeandika kwenye bahasha yake. Nimeandika ninachokijua tu. "Mtoto wa kiume, kigoda, filamu baada ya 1965. Mpiga picha: Shangazi, kwa kivuli." Ya mlima: "Mwanamume na mtoto. Kaskazini mwa Kilimanjaro. Loitokitok kwa maneno ya rafiki wa marehemu." Mahali pa jina nimeacha nafasi.

Jumamosi asubuhi napanda gari Himo, Marangu, Mkuu, Tarakea, kisha navuka. Sina anwani, nina sikio na bei ya nauli. Binamu zangu walitaka nibebe boksi zima, nimekataa. Boksi ni lake, atalifuata mwenyewe akitaka. Picha ya mlima, ile iliyochanika, naiacha nyumbani pia.

Ninayokwenda nayo ni ya pili kutoka chini, yenye kivuli. Ndiyo pekee wanayoonekana wote wawili. Na foronya.